KCSE 2022 na 2023: karatasi mbili za Fasihi zikilazwa kando kwa kando, nini kimebadilika?

Kila muhula wa tatu ukianza, swali hilohilo hurudi kutoka kwa watahiniwa wa kidato cha nne na wazazi wao: karatasi za mitihani iliyopita zinasaidia kweli, au zinampotezea mtoto wakati? Wapo wanaosema karatasi ya miaka miwili nyuma imeshapitwa, hasa vitabu vinapobadilishwa. Wengine hushikilia kwamba mtihani ni uleule miaka nenda miaka rudi, na kwamba ukizijibu karatasi kumi za zamani huna la kuogopa.

Tumechagua mfano mmoja ili tuone nani yuko karibu na ukweli. Tutachukua Kiswahili Karatasi ya Tatu, yaani Fasihi, nambari 102/3, na tuutazame mtihani wa 2022 ukifuatwa na wa 2023. Tumeichukua miaka hii miwili kwa sababu kati yake mabadiliko kadhaa yalitokea kwa wakati mmoja, na mengine hayakuwa ndani ya karatasi kabisa.

Tuanze na hayo ya nje, kwa kuwa ndiyo yanayowapotosha wengi. Matokeo ya KCSE 2022 yalipotangazwa Januari 2023, watahiniwa 173,345 walikuwa wamepata gredi ya C+ kwenda juu, ile ya kuingilia chuo kikuu. Mwaka uliofuata idadi hiyo ilifika 201,133, ingawa jumla ya watahiniwa ilikuwa imeongezeka kidogo tu. Wengi walihitimisha kwamba mtihani wa 2023 ulikuwa mwepesi. Huenda baadhi ya karatasi zilikuwa nyepesi, lakini takwimu hizo haziwezi kuthibitisha hilo, kwa sababu mwaka huohuo njia ya kukokotoa gredi ya jumla ilibadilishwa.

Hadi 2022, masomo saba yaliyohesabiwa yalikuwa yamepangwa: Hisabati, Kiingereza na Kiswahili yote matatu, kisha sayansi mbili, somo moja la jamii na jingine moja. Kuanzia 2023 ni Hisabati, lugha moja ambayo mtahiniwa amefanya vizuri zaidi, na masomo mengine matano aliyofanya vizuri, yawe ya kundi lolote.

Chukua msichana wa kubuni aliyefanya masomo manane. Amepata pointi 4 katika Hisabati, 5 Kiingereza, 8 Kiswahili, 6 Baiolojia, 3 Kemia, na 8 katika kila moja ya Historia, Dini na Biashara. Kwa hesabu ya zamani Kemia lazima ihesabiwe, maana ni sayansi yake ya pili, na somo moja kati ya yale yenye pointi 8 linaachwa nje. Jumla yake ni 42, ambayo ni gredi ya C. Kwa hesabu mpya Kemia ndiyo inayoachwa na lile somo la pointi 8 linaingia. Jumla inakuwa 47. Gredi ya C+ inaanzia pointi 46, kwa hiyo msichana huyu sasa anafuzu kwenda chuo kikuu bila kuongeza hata alama moja katika karatasi yoyote.

Ndiyo maana hatushauri mtu apime ugumu wa karatasi kwa gredi za jumla za taifa. Kuna jambo jingine pia. Watahiniwa wa 2022 walisoma katika kalenda iliyobanwa baada ya shule kufungwa kwa sababu ya korona, na mwaka huo mmoja ulishuhudia KCSE mbili, ya 2021 iliyofanywa Machi na ya 2022 iliyofanywa Novemba na Desemba. Kundi la 2023 lilirudi kwenye kalenda ya kawaida. Kwa hiyo hata watahiniwa wenyewe hawakuwa na muda sawa wa kujiandaa. Ukitaka kujua karatasi imebadilikaje, huna budi kuifungua karatasi yenyewe.

Ukizifungua, kwanza soma maagizo ya ukurasa wa mbele kabla ya maswali. Hapo miaka hii miwili inafanana. Karatasi ina alama 80 na muda wa saa mbili na nusu. Mtahiniwa anajibu maswali manne, kila moja alama 20. Swali la kwanza ni la lazima. Matatu mengine yanachaguliwa kutoka sehemu nne zilizobaki, na hairuhusiwi kujibu maswali mawili kutoka sehemu moja. Sehemu zote kwa jumla ni tano: riwaya, tamthilia, hadithi fupi, ushairi na fasihi simulizi. Mifupa ya karatasi, basi, haikuguswa.

Kilichoguswa ni nyama yake. Mtihani wa 2022 ulikuwa wa mwisho kutumia riwaya ya Chozi la Heri ya Assumpta Matei, tamthilia ya Kigogo ya Pauline Kea, na mkusanyiko wa hadithi fupi wa Tumbo Lisiloshiba. Mwaka 2023 vikaingia Nguu za Jadi ya Clara Momanyi, Bembea ya Maisha ya Timothy Arege, na Mapambazuko ya Machweo. Vitabu vitatu vimetoka, vitatu vimeingia.

Sasa fanya hesabu ndogo kabla ya kutupa karatasi za zamani. Sehemu tatu kati ya tano zinategemea vitabu hivyo. Kwa kuwa mtahiniwa anaacha sehemu moja tu, atajibu maswali mawili au matatu ya vitabu, yaani alama 40 au 60 kati ya 80. Alama zinazobaki ni za ushairi na fasihi simulizi, ambazo mabadiliko ya vitabu hayakuzigusa. Tena Kiswahili kizima kina alama 200, maana kuna Karatasi ya Kwanza ya insha yenye 40 na ya Pili ya lugha yenye 80. Kwa hiyo mabadiliko yaliyoonekana makubwa yalihusu alama 40 hadi 60 kati ya 200. Mwanafunzi aliyetupa karatasi zote za zamani kwa sababu vitabu vimebadilika alikuwa ametupa pamoja nazo mazoezi ya alama 140 na zaidi.

Na hata zile alama za vitabu, je, maswali ya zamani hayana kazi tena? Hapa ndipo ulinganisho wa makini unapolipa.

Tazama vitabu hivyo vinazungumzia nini. Katika Kigogo tuko Sagamoyo, chini ya Majoka, mtawala anayetumia vibaya madaraka, na vijana kama Tunu na Sudi wanampinga. Ni tamthilia ya siasa na uongozi. Katika Chozi la Heri kuna siasa pia, hasa ghasia za baada ya uchaguzi zilizomfanya Ridhaa ampoteze mkewe na watoto, lakini uzito wake mkubwa uko kwenye familia zilizovunjika na watoto waliotawanyika, kama Umu na ndugu zake.

Vitabu vipya vimebadilishana mizigo hiyo. Bembea ya Maisha, ambayo ni tamthilia, iko nyumbani. Yona amezama kwenye ulevi, mkewe Sara anaugua, na binti yao Neema anabeba mzigo wa kumtunza mama huku naye ana ndoa yake. Siasa ya uongozi imehamia kwenye riwaya. Katika Nguu za Jadi kuna Mtemi Lesulia na utawala wake, ukabila kati ya Waketwa na Wakule, na mapambano ya kina Mangwasha na Lonare.

Maana yake kwa mtu anayerudia ni hii. Ukichukua swali la zamani la Kigogo linalouliza kuhusu matumizi mabaya ya mamlaka, ukafuta jina la kitabu na kuandika Bembea ya Maisha, utakwama, kwa sababu mamlaka ya Yona ni ya baba nyumbani na hutapata hoja za kutosha za utawala wa umma. Lakini ukilihamishia swali hilohilo kwenye Nguu za Jadi, linakaa vizuri kama kiatu kilichopimwa. Vivyo hivyo, maswali ya zamani ya Chozi la Heri kuhusu malezi, ndoa na migogoro ya familia yanafaa sana kwa Bembea ya Maisha. Kwa kifupi, hamisha swali kwa kufuata maudhui, usifuate aina ya kitabu. Walimu wengi tunaowafahamu huhamisha riwaya kwa riwaya na tamthilia kwa tamthilia, na ndiyo sababu wanafunzi wao hulalamika kwamba maswali ya zamani hayajibiki.

Isipokuwa maswali ya mbinu. Swali linalohusu maelekezo ya jukwaani au mazungumzo ya wahusika ni la tamthilia, na libaki kwenye tamthilia.

Baada ya maudhui, linganisha ugumu. Watu wengi hupima ugumu kwa hisia: swali hili limenitisha, lile halikunitisha. Kuna kipimo bora kuliko hicho, nacho ni kuangalia alama zimegawanywaje ndani ya swali. Maswali ya vitabu huja kwa sura mbili kuu. Ya kwanza ni swali la dondoo, ambapo unapewa maneno kutoka kitabuni. Mgawanyo wake wa kawaida ni hivi: kueleza muktadha wa dondoo alama 4, kutambua tamathali au mbinu za lugha alama chache, kisha sehemu ndefu inayokutoa kwenye dondoo na kukutaka uzungumzie kitabu kizima. Sura ya pili ni swali moja tupu lenye alama 20 zote, ambalo kwa kawaida hukuambia ujadili jambo fulani kwa kurejelea kitabu.

Tofauti ya sura hizo mbili ni kubwa kuliko inavyoonekana. Alama 4 za muktadha kwa desturi hutolewa kwa mambo manne: nani anasema, anamwambia nani, wapi, na kwa nini au katika hali gani. Mtu aliyesoma kitabu mara moja kwa makini anaweza kuzipata zote. Lakini swali tupu la alama 20 husahihishwa kwa hoja, mara nyingi alama moja kwa kila hoja iliyoelezwa na kutolewa mfano kutoka kitabuni. Hapo unahitaji hoja zinazokaribia ishirini, na hoja isiyo na mfano haihesabiwi au hupewa nusu. Aliyesoma muhtasari tu atafika hoja ya saba au ya nane na kuanza kurudia yaleyale kwa maneno mengine. Dalili ni rahisi kuiona kwenye daftari: aya zinakuwa ndefu na majina ya wahusika yanapungua.

Kwa hiyo ukilinganisha mwaka mmoja na mwingine, chukua karatasi tupu na uchore safu mbili, moja ya kila mwaka. Kwa kila swali la kitabu andika ni la dondoo au ni tupu, na alama zake zimegawanywa vipi. Kisha andika neno la amri: taja, tambua, eleza, jadili, thibitisha, linganisha. Ukiona riwaya iliyokuwa na dondoo mwaka mmoja imekuja na swali tupu mwaka uliofuata, umeona mabadiliko halisi ya ugumu, hata kama mada ni ileile. Hutahitaji saa nzima kwa kazi hii.

Kisha jipime. Saa mbili na nusu ukizigawa kwa maswali manne unapata dakika 37 na nusu kwa kila swali. Funika kitabu, weka saa ya simu, na kwa dakika 37 andika hoja zako kwa swali moja la zamani ulilolihamisha kama tulivyoeleza. Mwishoni hesabu hoja zenye mfano pekee. Fanya hivyo kwa swali la dondoo na kwa swali tupu. Kama unapata 15 kwenye dondoo na 8 kwenye swali tupu, shida yako si kukijua kitabu. Shida ni kwamba hujapanga hoja kwa maudhui, na marudio yako yaelekee huko: chagua maudhui matano au sita ya kitabu, na kwa kila moja uorodheshe matukio yanayolithibitisha.

Sasa tufike kwenye kosa linalowaumiza wengi, nalo ni kubashiri. Mwanafunzi analinganisha karatasi mbili, anaona swali la lazima mwaka mmoja lilitoka sehemu fulani na mwaka uliofuata likatoka sehemu nyingine, kisha anaamua sehemu hizo mbili zimeshapita na hazitarudi. Karatasi mbili haziwezi kukuonyesha zamu. Zinaonyesha tu kwamba swali la lazima huhama, na linaweza kuangukia popote.

Angalia hatari yake kwa hesabu. Ukisoma sehemu zote tano, huna wasiwasi. Ukiacha moja, utapoteza alama 20 ikiwa tu sehemu hiyo ndiyo itakayokuwa ya lazima. Isipokuwa ya lazima, bado una nne za kujibu. Lakini ukiacha mbili, umebaki na tatu za kujibu maswali manne, kwa hiyo swali moja utalijibu bila kujiandaa, haidhuru la lazima litoke wapi. Kuacha sehemu moja ni bahati nasibu. Kuacha mbili ni kupoteza kwa hakika. Kama wiki zimebaki chache na ni lazima kitu kipunguzwe, basi punguza kina katika sehemu moja, usiifute kabisa.

Sehemu ipi ipunguzwe? Kwa maoni yetu isiwe fasihi simulizi wala ushairi, ingawa ndizo wengi huzikimbia. Hizo mbili hazina kitabu cha kununua, na ndizo zenye akiba kubwa ya maswali ya zamani yanayofaa hadi leo bila kubadilishwa neno. Kwa mwanafunzi wa shule ya kutwa ambako nakala moja ya riwaya inazungushwa kwa watu watano, hapo ndipo alama zinapopatikana kwa gharama ndogo. Zaidi ya hayo, maswali ya methali, vitendawili, ngoma na matambiko yanamkuta kijijini akiwa na mifano hai, mradi ajifunze istilahi zake na kujibu kwa hoja kama yanavyodai maswali mengine.

Tahadhari moja kuhusu karatasi zinazosambazwa kwenye simu. Nyingi zinazoitwa za KCSE ni mitihani ya majaribio ya kaunti au ya shule zilizoungana, na baadhi zimepewa jina la mwaka ambao si wake. Ukilinganisha karatasi ya kweli na ya majaribio, tofauti utakazoziona ni za watungaji wawili tu. Tazama kama ukurasa wa kwanza una nambari 102/3, mwaka, na jina la Baraza la Mitihani la Kenya. Kisha tumia vitabu kama mtego: karatasi inayodai kuwa ya KCSE 2023 lakini inauliza kuhusu Ridhaa au Majoka si ya mwaka huo. Na inayodai kuwa ya 2022 huku ikimtaja Mangwasha nayo pia ni ya uongo. Ukiwa na shaka, mwombe mwalimu wa somo akuonyeshe nakala iliyohifadhiwa shuleni. Muulize pia kama shule ina ripoti ya Baraza la Mitihani ya mwaka huo, kwa sababu ndani yake wasahihishaji hueleza ni maswali yapi yaliwashinda wengi na kwa nini. Hiyo ni picha ya ugumu iliyo bora kuliko gredi za taifa.

Wanaojiandaa sasa, wakiwemo wale waliofanya KCPE ya mwisho mwaka 2023 na wanaotarajiwa kufanya KCSE 2027, wana nafasi ambayo kundi la 2023 halikuwa nayo. Wao wanaweza kulinganisha 2023 na 2024, miaka miwili yenye vitabu vilevile na njia ileile ya kukokotoa gredi. Katika jozi hiyo, ukiona riwaya imehama kutoka dondoo kwenda swali tupu, au ushairi umeongezewa alama za uchambuzi na kupunguziwa za kutaja, hutahitaji kujiuliza kama ni vitabu au gredi vilivyosababisha.